Kipimo cha Shingo

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo mchana, na mimi nimeanza kuandika jioni. Naandika nyuma ya daftari la vipimo, kwa sababu mbele kumejaa viuno na mabega ya watu.

Asubuhi alikuja mjane wa fundi bomba, jirani yetu wa nyumba ya pili. Alileta makoti mawili ya marehemu nipunguze mabega, wavae shemeji zake. Nikawa nafumua mshono, yeye kakaa kwenye kigoda. Kisha akaniambia jambo ambalo halijanitoka mpaka sasa.

"Mdogo wangu, daktari aliniuliza, mama, alianza lini kukohoa? Nikabaki namtazama. Nimeishi na yule mtu miaka thelathini na moja, nikashindwa kutaja hata mwezi."

"Dada, ulikuwa umechanganyikiwa."

"Sikuchanganyikiwa. Sikujua. Alikuwepo tu, kama kabati."

Jioni mume wangu alirudi kutoka karakana. Yeye ni seremala, mimi ni mshonaji, na tangu tuoane tunaitana fundi. Aliuliza, "Maji yapo, fundi?" Nikajibu, "Jagini." Alipokwisha kuingia ndani nilijiuliza kavaa shati gani leo. Nilishindwa kukumbuka, na shati lile nimelishona mwenyewe.

Ee Mungu, mimi pia nina kabati humu ndani?

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Sisimizi wamejaa chooni, mvua imewafukuza kwenye mashimo yao. Nimemwaga mafuta ya taa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimesali kuhusu jambo hili siku mbili. Sikuomba makubwa. Niliomba nionyeshwe pa kuanzia, nikaona nianze na mguu wangu.

Kila anaporudi, mguu wangu uko kwenye pedali ya cherehani. Huwa nayasikia maneno yake juu ya mlio wa mashine, namjibu macho yakiwa kwenye sindano. Mteja akiingia nasimamisha mashine. Mume wangu akiingia naendelea kushona. Sikuwa nimelipanga hivyo. Limekua lenyewe.

Kwa hiyo leo niliposikia lango, niliondoa mguu. Nikainuka, nikaenda mpaka kibarazani, nikampokea mfuko wa vifaa. Nikampokea na buti zake za mpira, zimejaa matope. Nikazigonga ukutani, nikaingiza mkono ndani kuondoa vumbi la mbao, nikazigeuza zikauke.

Akasimama pale na soksi, ananitazama.

"Kuna msiba?"

"Hakuna."

"Binti amepiga simu?"

"Hajapiga. Nimekupokea tu."

"Haya," akasema, akapita kwa tahadhari kama mtu anayepita penye mbwa asiyemjua.

Ijumaa, 8 Machi

Nimempokea. Leo ameuliza nimeharibu nini.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeongeza jambo la pili. Tunakunywa chai pamoja, simu zote mbili ziko chumbani juu ya kitanda, na hatunyanyuki mpaka vikombe viishe. Siku ya kwanza hatukuwa na la kusema. Nilisikia anavyomeza. Miaka ishirini na sita, watoto wawili tumelea, nyumba tumejenga, na nje ya sabuni imeisha, taa haijalipwa, binti anasalimia, hatuna mazungumzo.

Jambo la tatu ni swali moja kila siku ambalo jibu lake silijui. Nimegundua ni kazi ngumu. Maswali yangu mengi ni amri zilizovaa nguo za swali. Umefunga lango? Utapita dukani? Leo nilijikaza, nikauliza, "Kitu gani kimekusumbua zaidi kazini?"

"Penseli," akasema. "Mstari wa penseli unanitoroka."

Nilicheka, nikadhani ni utani. Yeye alicheka baada yangu.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua siku ya tatu mfululizo. Sisimizi tena chooni. Mafuta ya taa.

Jambo la nne ni kushukuru kitu kimoja kwa jina lake. Siyo ahsante ya mdomoni tu. Nikasema, "Fundi, nashukuru kwa ile bawaba ya mlango wa jikoni. Sasa unafunga bila kupiga kelele."

"Nimeitengeneza mwaka jana, mwezi wa nane."

"Nashukuru mwaka huu."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akainuka kwenda uani. Akarudi, akanywa maji, akainuka tena. Chai yake ikapoa. Nikakasirika kidogo, nikaona ananikimbia.

Jumanne, 19 Machi

Leo nimeona jambo.

Binti yetu ametualika kwake mwanzo wa mwezi wa sita, wazazi wa mchumba wake watakuwepo. Nimemshonea mume wangu shati jipya, jeupe, la kola ngumu. Alilivaa mbele ya kioo, akafunga kifungo cha juu. Mimi nikaenda kurekebisha kola, kama ninavyomfanyia mteja. Kwa kawaida vidole viwili vinatakiwa kuingia kati ya kola na shingo. Niliingiza viwili. Nikaingiza vinne. Kiganja kizima kikaingia.

"Umekata vibaya, fundi," akasema.

Sikukata vibaya. Nina katoni ngumu niliyochorea kola na kifua chake mwaka ule binti alipozaliwa. Nimeiandika kwa wino, shingo inchi kumi na sita, kifua arobaini na mbili, nikaitundika msumarini nyuma ya mlango. Kila shati nimelikata hapo. Sasa nasema ukweli mbele za Mungu. Mimi ninayempima upya hata mteja aliyekuja wiki iliyopita, kwa sababu miili hubadilika, sijampima mume wangu kwa miaka ishirini na tatu. Wateja wakiniuliza wa kwangu namshoneaje, nilikuwa najisifu. Wa kwangu namjua kwa katoni.

Nilileta tepu. Shingo, kumi na nne na nusu. Kifua, thelathini na nane.

Nikamtazama kwenye kioo. Mashavu yameingia ndani. Mashati makubwa niliyomshonea yalikuwa yanamficha, na aliyeyashona ni mimi.

"Kazi," akasema. "Karakana ina mbao nyingi mwezi huu. Na umri."

"Lini ulianza kupungua?"

"Wewe ndiye mwenye tepu."

Ijumaa, 22 Machi

Jagi la kando ya kitanda linachukua lita tatu. Nalijaza kila jioni, naliosha kila asubuhi. Mkono wangu unalijua ni jepesi. Sijawahi kujiuliza nani anamaliza. Mimi sinywi usiku.

Nimempima. Kumi na nne na robo.

Nikamwambia twende zahanati. Akasema baada ya oda ya madawati ya shule. Nikasema Jumatatu. Akasema baada ya madawati.

Jumapili, 24 Machi

Nimetoka kwenye ibada, mawazo yote yako kwenye jagi.

Ijumaa, 29 Machi

Kumi na nne. Mvua haikatiki. Ukuta wa chooni umeota ukungu, sisimizi wanapanda mstari mweusi mpaka dirishani. Nimemwaga mafuta, kesho watarudi.

Ijumaa, 5 Aprili

Tumegombana. Naandika yote, na ya kwangu pia.

Tangu ile siku ya kola nimekuwa na macho, lakini macho yenyewe yameharibika. Nahesabu anachoacha kwenye sahani. Nachungulia akienda uani. Akivuta pumzi nauliza kuna nini. Swali langu la kila siku, ambalo nililianza vizuri, limegeuka kuwa moja tu, umekunywa maji mara ngapi. Kushukuru nimesahau tangu Machi. Na kila Ijumaa namsimamisha mbele ya kioo na tepu, naandika, sisemi kitu.

Leo nilipomzungushia tepu shingoni akaishika mikono yangu.

"Basi."

"Dakika moja tu."

"Nimesema basi. Unanipima kama mtu anayeshonewa sanda."

Mvua ilikuwa inapiga bati.

"Nakupima kwa sababu unapungua," nikasema. "Ungekwenda zahanati nisingekupima."

"Na pale kibarazani unanipokea au unanikagua? Mwanzo nilifurahi, fundi. Nilikuwa natoka kazini nafikiria nitaulizwa nini leo. Sasa naingia kwangu kama naingia kituo cha polisi."

"Basi sitakupokea."

"Usinipokee."

Nikaizungusha tepu kidoleni, nikaiweka mezani. Sikulia mbele yake.

Jumamosi, 6 Aprili

Sikuinuka.

Jumapili, 7 Aprili

Nilikwenda kwenye ibada peke yangu. Tulikunywa chai na simu mezani. Yake iliita, akazungumza habari za misumari.

Jumatatu, 8 Aprili

Aliingia na buti mpaka sebuleni. Niliona matope, sikusema. Mguu wangu ulikuwa kwenye pedali.

Jumanne, 9 Aprili

Sikuinuka. Niliposikia lango nilizidisha mwendo wa mashine, asikie.

Jumatano, 10 Aprili

Mjane wa fundi bomba alikuja kuchukua makoti. Akavaa moja mwenyewe, kubwa, mikono imefunika vidole, akaniambia niache hivyo hivyo, shemeji zake hawatalipata. Aliniuliza, "Na fundi wako hajambo?" Nikasema hajambo. Nilisema haraka mno, akanitazama.

Jioni sikuinuka.

Alhamisi, 11 Aprili

Nasubiri kwenye benchi la hospitali, nimekuja na daftari kwenye mkoba kwa sababu sikujua nichukue nini.

Leo mchana alirudi mapema, saa saba. Nilisikia lango. Nilishona. Alivulia buti kibarazani, akaingia bila viatu, akapita nyuma yangu kwenda jikoni kunywa maji. Akaniuliza kutoka jikoni, "Fundi, chumvi imeisha?" Nikasema ipo kwenye kopo. Uzi ukakatika. Niliinama kuuokota, na nikiwa nimeinama nikaona sakafu.

Kulikuwa na nyayo kutoka mlangoni mpaka jikoni. Moja ya maji, moja nyekundu. Moja ya maji, moja nyekundu.

Nilisimamisha mashine.

"Umekanyaga nini?"

"Wapi?"

Alisimama mlango wa jikoni na kikombe mkononi, akainua mguu wa kushoto, akautazama chini yake. Ulikuwa safi. Akanitazama mimi, kama anaomba nimwambie wapi. Damu ilikuwa inatoka mguu wa kulia, imetengeneza duara pale aliposimama.

"Ule mwingine," nikasema.

Aliutazama. "Sikusikia kitu," akasema, sauti ndogo. Sijawahi kumsikia mtu mzima na sauti ile.

Nilimkalisha kwenye kigoda cha wateja. Chini ya kidole kidogo palikuwa na shimo, jeusi pembeni, na kidole chenyewe kimevimba, kimebadilika rangi. Kilikuwa na harufu. Kitu kile hakikuanza leo. Nikaenda kibarazani, nikachukua buti ya kulia, nikaingiza mkono ndani kama nilivyokuwa nikifanya kabla ya ugomvi. Msumari uliniingia kidoleni papo hapo. Mdogo, wa madawati, umetokeza kwenye soli kiasi cha punje ya mchele. Alikuwa ameutembelea siku zote hizi.

Mwezi mzima nimekuwa nikiingiza mkono kwenye buti ile kila jioni. Nimeacha siku sita.

Jirani mmoja mwenye gari ametuleta. Njiani mvua ilikuwa nyingi, hatuoni mbele. Nimemshika mkono, na yeye alikuwa anaangalia mguu wake uliofungwa taulo kama anaangalia mguu wa mtu mwingine.

Baadaye, benchi lile lile

Muuguzi alimchoma kidole, akaweka tone kwenye kijimashine, akakitazama, akaenda kumwita daktari bila kutuambia namba. Daktari ni mwanamke kijana. Akasema sukari ya mume wangu iko juu sana, imepanda kwa miezi mingi, ndiyo inayomkausha na kumfanya anywe maji na kukojoa, na imeua hisia za miguu. Akaniuliza:

"Mama, alianza lini kupungua?"

Nikamwona mjane wa fundi bomba amekaa kwenye kigoda changu. Nikafungua daftari.

"Tarehe kumi na tisa Machi, shingo kumi na nne na nusu. Ishirini na mbili, na robo. Ishirini na tisa, kumi na nne. Kabla ya hapo sijui, daktari. Kabla ya hapo sikumtazama."

Aliliomba daftari, akalisoma amesimama. Akauliza maji, nikamwambia jagi la lita tatu. Akauliza macho, nikataka kusema mazima. Kisha nikakumbuka penseli.

"Mstari wa penseli unamtoroka," nikasema. "Alisema tarehe kumi na moja Machi. Nilicheka."

"Na chooni, sisimizi? Huwa wanafuata mkojo wenye sukari."

Ninayo tarehe ya kila siku niliyomwaga mafuta ya taa. Nilidhani ni mvua.

Ijumaa, 12 Aprili

Wamemlaza. Kidole kitakatwa kesho. Daktari anasema wanajitahidi sumu isipande mguuni, na hakuniahidi kitu. Alisema, "Mngekuja wiki ijayo tusingekuwa tunazungumzia kidole." Ningeinuka wiki iliyopita tusingekuwa tunazungumzia chochote. Hilo halikusemwa na daktari.

Jumamosi, 13 Aprili

Kimekatwa. Homa. Hanijui vizuri, ananiita mama yake.

Jumapili, 14 Aprili

Homa. Nimesali mpaka maneno yameniishia, nikabaki nimeshika kitanda.

Jumatatu, 15 Aprili

Homa. Mvua. Wamebadilisha dawa.

Jumatano, 17 Aprili

Imeshuka asubuhi. Aliniangalia muda mrefu, akasema, "Fundi, umevaa gauni la kijani." Nikasema ndiyo. "Lina kifungo cha plastiki," akasema.

Ijumaa, 19 Aprili

Leo tumezungumza. Wodi ilikuwa na kelele, kwa hiyo tulizungumza kama watu wa sokoni, vichwa karibu.

Zamani alikuwa ananichongea vifungo kwa vipande vya mbao vilivyobaki, vidogo, vinne vinne, ananiwekea juu ya cherehani bila kusema. Mwaka jana viliacha kuja. Nilisubiri kidogo, kisha nikanunua vya plastiki. Sikumuuliza. Nilijiambia amenichoka, ndivyo wanaume walivyo. Leo nikalitumia swali langu la siku kumuuliza kwa nini aliacha.

"Sikuwa naona matundu. Nilitoboa vifungo ishirini, vyote vimepasuka. Nikaona nitakwambia. Nikarudi nyumbani, nikakuta umeshashona vya plastiki. Nikasema basi, anavipenda hivyo."

"Na kupungua? Na maji? Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unaona. Tunalala kitanda kimoja, fundi. Nikasema ameona, amenyamaza. Na mimi nikanyamaza."

Kumbe mwaka mzima kila mtu alikuwa anamsubiri mwenzake, na kila mmoja ana hakika mwenzake anajua.

Nikamuuliza, "Na wewe, kwangu umeona nini?"

Alifikiri mpaka nikadhani amelala. "Uliacha kuimba kwenye cherehani."

"Lini?"

"Sijui. Siku nilipogundua pako kimya, ulikuwa umeshaacha zamani."

Hata mimi sikujua kama niliacha.

Alhamisi, 2 Mei

Tumerudi nyumbani. Anatembea kwa fimbo aliyoichonga mwenyewe kitandani, mbaya kuliko kazi zake zote, na anaipenda.

Muuguzi ametufundisha. Kila jioni anakaa kwenye kigoda, mimi chini. Naosha miguu kwa maji niliyoyapima kwa kiwiko changu, kwa sababu yeye hawezi kujua kama yanaunguza. Nakausha katikati ya vidole. Naweka kioo kidogo cha mkononi chini ya unyayo, tunatazama wote wawili. Kidole kwa kidole, vile tisa. Kisha buti zote, mkono ndani, zake na zangu. Anadungwa sindano asubuhi na jioni.

Nimemuuliza jana kama nikifanya haya anajisikia anakaguliwa. Akasema, "Ukiuliza hivyo, hapana. Ukinyamaza na kuandika, ndiyo." Kwa hiyo naongea nikiosha. Na yeye ameanzisha lake, hataki nikae chini kabla hajaangalia vidole vyangu vya sindano. Amekuta kidonda ambacho mimi sikukijua.

Jumanne, 14 Mei

Nimechoka, nilimjibu bila kuinuka. Nilikumbuka akiwa ameshafika jikoni. Nikamfuata, nikamsalimia upya. "Tuanze tena," nikasema. Akarudi mpaka mlangoni na fimbo yake, akaingia tena.

Jumatano, 22 Mei

Kuna doa jipya chini ya kisigino, dogo kama kichwa cha pini. Jana halikuwepo. Kesho asubuhi zahanati, na safari hii ametoa shati la kwendea kabla sijamwambia.

Alhamisi, 23 Mei

Wamesafisha, wamefunga. Daktari anasema limeonwa mapema. Akasema pia mengine yatakuja, ndivyo ugonjwa huu ulivyo, mguu ule utatutisha maisha yote. Mvua imebaki manyunyu.

Jumamosi, 25 Mei

Jua, siku nzima. Chooni hakuna hata sisimizi mmoja, nimeangalia mara mbili.

Jumamosi ijayo tunakwenda kwa binti, na lile shati jeupe halimfai. Nimeitoa katoni ya zamani msumarini. Imekuwa ya njano, na wino wake bado mweusi kabisa. Nimeikata vipande.

Nilimwita mbele ya kioo. "Naweza?" nikauliza. Akainua kidevu mwenyewe. Tepu ilipozunguka nilisikia mshipa wa shingo unagonga chini ya kidole changu, nikauacha mkono hapo kidogo zaidi ya kazi inavyotaka.

Kumi na nne na robo. Imeongezeka.

Nimekata katoni mpya. Aliponiona nachora akaniletea kalamu yangu ya wino. Nikamwambia hapana, anipe penseli yake.